NAMNA YA KUANDIKA ORODHA YA VITABU VYA HADITHI VYA WATOTO VILIVYOKWISHA TUMIKA

Mwisho wa mwaka wa shule nyumba nyingi za mji wa Kimilili na vijiji vyake hubaki na vitabu vya hadithi ambavyo watoto wamekwisha vipita umri. Vingine hulala chini ya kitanda, vingine katika kikapu jikoni, na vingine huishia kufungia karanga sokoni. Wakati huo huo, huko Kamukuywa au Kapsokwony, wako wazazi wanaovitafuta vitabu vya namna hiyo hiyo kwa bei wanayoiweza. Kinachowaunganisha watu hawa ni orodha, ama iliyobandikwa katika ukuta wa duka, ama iliyopelekwa kwa simu.

Orodha mbaya humgharimu mtu nauli. Mama wa Kapsokwony asomaye maneno “vitabu vya watoto, vizuri, kumi na tisa” hupanda matatu kushuka Kimilili, na afikapo hukuta kwamba vingi ni vya Kiingereza, mtoto wake yu gredi ya pili, na kile kimoja alichokipenda hakina mwisho wa hadithi. Hana budi kurudi mikono mitupu, na siku nyingine akisikia habari za vitabu vilivyotumika hatatoka nyumbani kwake. Basi yafaa orodha iseme mambo manne juu ya kila kitabu: ni cha msomaji wa umri gani, ni cha lugha gani, kimechakaa kadiri gani, na kama kurasa zake zimeandikwa au kuchorwa.

Mfano ni mama wa mjini Kimilili mwenye vitabu kumi na tisa, ambaye mtoto wake wa mwisho ameingia gredi ya saba. Kazi yake ya kwanza si kuandika, bali ni kutenga. Hufungua jalada la kila kitabu na kutazama ndani yake kama pana muhuri. Katika vitabu vyake viwili ameona maandishi yasemayo kwamba ni mali ya Serikali ya Kenya na kwamba haviuzwi. Vitabu vya mpango wa Tusome, ambao ulienea nchini kuanzia mwaka 2015 kwa ajili ya madarasa ya chini, vilikuwa na onyo kama hilo, na kadhalika vitabu vya kiada ambavyo Serikali imekuwa ikivipeleka moja kwa moja shuleni tangu mwaka 2018. Vitabu hivi haviingii katika orodha hata kama viliokotwa njiani, hurudishwa shuleni. Cha tatu kina muhuri wa maktaba ya shule. Huenda shule ilikwisha kukitupa, na huenda mtoto alikiazima akasahau. Hapana awezaye kujua kwa kukitazama, kwa hiyo nacho hutengwa mpaka shule yenyewe iulizwe. Vimebaki kumi na sita.

Sasa ni habari ya umri, na hapa ndipo orodha nyingi zinapokosea. Watu huandika nambari wanayoiona juu ya jalada, lakini nambari hiyo si umri wa mtoto kila mara. Vitabu vidogo vya Kiingereza vya Ladybird vilivyoanza kutolewa mwaka 1964, ambavyo huonekana sana katika mitumba ya vitabu, vina alama kama 4a, 4b na 4c. Mzazi akiona nne hudhani ni kitabu cha mtoto wa miaka minne, au cha gredi ya nne. Kumbe nne ni ngazi, katika ngazi kumi na mbili za mfululizo huo, na herufi zaonyesha vitabu vitatu vya ngazi moja: cha pili hurudia maneno yale yale ya cha kwanza, na cha tatu huyatia katika mazoezi ya herufi na kuandika. Basi huandikwa “ngazi 4a” kama ilivyo, na umri huandikwa mbali. Vile vile kitabu cha zamani kisemacho “Darasa la 3” kilitungwa kabla ya mtaala ulioanza mwaka 2019, wakati ambapo madarasa ya chini yalianza kuitwa gredi. Huenda kikamfaa mtoto wa gredi ya tatu, na huenda kisimfae. Jalada haliwezi kulijua hilo.

Njia iliyo nyepesi zaidi ni kuhesabu maneno. Mpango wa African Storybook, ambao tangu mwaka 2014 umetoa hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Lubukusu ikiwamo, huzigawa hadithi zake kwa wingi wa maneno katika ukurasa. Ngazi ya kwanza haizidi maneno kumi kwa ukurasa. Ya pili ni maneno 11 mpaka 25. Ya tatu ni 26 mpaka 50. Ya nne ni 51 mpaka 75. Na ya tano, ambayo yafikia 150, ni ya mtu mzima kumsomea mtoto. Kipimo hiki chaweza kutumiwa kwa kitabu chochote. Mama wa Kimilili hufungua kurasa tatu, mmoja karibu na mwanzo, mmoja wa katikati na mmoja karibu na mwisho, akahesabu maneno, akajumlisha, akagawanya kwa tatu. Kitabu kimoja cha Kiswahili chenye picha ya kobe kimempa 18, 24 na 21. Jumla yake 63, na kwa ukurasa mmoja 21. Basi ni cha ngazi ya pili, na kwa makadirio chamfaa mtoto wa miaka sita au saba ambaye lugha hiyo huisikia kila siku.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito wake. Mtoto wa kijiji cha Kimilili aliyelelewa kwa Lubukusu huweza kusoma kitabu cha Lubukusu akiwa na miaka sita, cha ukubwa ule ule katika Kiswahili akiwa na saba, na cha Kiingereza akiwa na minane au tisa. Mtoto wa mjini, ambaye huongea Kiswahili na jirani zake, huenda akaanza na Kiswahili. Kwa hiyo umri hauandikwi pasipo kutazama lugha.

Kiswahili kina hila yake. Kwa kuwa huandikwa jinsi kinavyotamkwa, mtoto aliyekwisha jua silabi aweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri pasipo kuelewa neno lo lote, na mzazi akafurahi bure. Dawa yake ni kumwambia afunge kitabu na asimulie alichosoma, kwa lugha yo yote aipendayo. Asipoweza, kitabu bado ni kikubwa kwake. Kwa Kiingereza walimu hutumia vidole: mtoto husoma ukurasa mmoja na kukunja kidole kwa kila neno linalomshinda, na vikikunjwa vyote vitano kabla ya kumaliza, kitabu kinamzidi. Lakini vidole vitano vyafaa kwa ukurasa wenye maneno mengi. Katika ukurasa wa maneno ishirini, vidole viwili vyatosha kuwa onyo.

Yapo pia masimulizi ambayo umri wa kuyasikia na umri wa kuyasoma ni mbalimbali kabisa. Hekaya za Abunuwasi ni mfano mzuri. Mtoto wa miaka saba hucheka mpaka machozi akisomewa, lakini Kiswahili chake ni cha pwani na cha zamani kidogo, na mtoto wa Kimilili hawezi kukisoma peke yake kwa raha kabla ya miaka kumi na mmoja hivi. Katika orodha huandikwa umri wote wawili: “kusomewa, 7, kusoma mwenyewe, 11.” Mwenye orodha asiyetofautisha haya humdanganya mnunuzi bila kukusudia.

Katika habari ya lugha, hapana neno linalowapoteza watu wa sehemu hizi kama neno “Kiluhya”. Mnunuzi wa Kimilili akiliona hudhani ni Lubukusu. Lakini vitabu vilivyochapwa chini ya jina hilo vyaweza kuwa vya Lulogooli, au vya Luwanga, au vya ile lugha ya pamoja iliyotengenezwa na kamati katika miaka ya 1940 kwa nia ya kuwa na maandishi mamoja, ambayo Wabukusu na Walogooli hawakuikubali. Mtu mzima huweza kuelewa kidogo kidogo. Mtoto anayeanza kusoma hukwama katika mstari wa kwanza. Asiyejua kutofautisha na atafute neno la “watu”. Likiandikwa babandu, hicho ni kitabu cha Lubukusu. Likiwa avandu, ni Lulogooli. Na likiwa abandu, yafaa kumwonyesha mzee kabla ya kuandika neno. Kutoka upande wa Mbale huvuka pia vitabu vya Lumasaaba, lugha iliyo ndugu ya Lubukusu, na hivyo navyo huandikwa kwa jina lao wenyewe. Huko juu, upande wa Kapsokwony, wako wanaotafuta Kisabaot, na kitabu kimoja cha lugha hiyo huweza kuwa na wateja zaidi ya kumi vya Kiingereza.

Jalada nalo si shahidi wa kutegemewa. Viko vitabu vyenye jina la Kiingereza nje na hadithi ya Kiswahili ndani, na vingine vina lugha mbili, moja juu ya ukurasa na ya pili chini yake. Lugha huandikwa baada ya kusoma ukurasa wa hadithi.

Jambo la tatu ni uchakavu. Neno “kizuri” halisemi kitu, kwa maana kila mwuzaji hukiona chake kizuri. Yatosha kutumia maneno matatu, na kueleza maana yake mwanzoni mwa orodha. “Kizima” ni kitabu chenye jalada, karatasi zote zimeshikamana, hakina doa kubwa. “Kimetumika” ni kile ambacho pembe zimekunjika au jalada limechanika, lakini hadithi yote imo na karatasi hazidondoki. “Kimechakaa” ni kile ambacho karatasi zimelegea, au kimeingia maji, au jalada halipo. Kitabu kilichopungukiwa na karatasi ya hadithi hakimo katika maneno hayo matatu; huandikwa wazi kwamba hakikukamilika.

Lakini mtu atajuaje kwamba karatasi imepotea? Kurasa za vitabu vingi vya watoto hazina nambari, na mtoto aliyeichana hasemi. Hapa umbo la kitabu lenyewe husaidia. Vitabu vyembamba hufanywa kwa karatasi pana zilizokunjwa katikati na kupigwa pini mbili mgongoni. Kila karatasi pana iliyokunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo kurasa za ndani, mbali na jalada, sharti zigawanyike kwa nne: 16, 20, 24, 32. Mama wa Kimilili amehesabu kitabu kimoja, akianza na ukurasa wa kwanza baada ya jalada na kuhesabu hata ule usio na nambari, akapata 22. Ishirini na mbili haigawanyiki kwa nne. Karatasi moja imekwenda.

Kisha hutafuta mahali ilipokuwa. Karatasi iliyochanwa huacha mwenzake upande wa pili wa pini, akishikiliwa na ukingo mdogo tu, na mara nyingi mwenzake huyo hulegea. Kitabu kikiwa na kurasa 24, karatasi yenye ukurasa wa 7 na wa 8 imeungana na ile yenye ukurasa wa 17 na wa 18. Ukijumlisha wa 7 na wa 18, au wa 8 na wa 17, hupata 25, yaani kurasa zote na moja zaidi. Katika kitabu chake karatasi iliyolegea ni ile iliyokuwa na ukurasa wa 7 na wa 8. Basi iliyopotea ni ya 17 na 18, na ndipo palipo na jambo ambalo hadithi yote ilikuwa ikilielekea: sungura amekwisha kuingia kisimani, na katika ukurasa unaofuata yuko nyumbani kwake. Mtoto atauliza alitokaje, na hapana atakayemjibu.

Hesabu hii ina mpaka wake. Karatasi pana ikitoka yote, pande mbili pamoja, kurasa zilizobaki bado hugawanyika kwa nne. Jambo hilo hutokea zaidi katikati ya kitabu, mahali ambapo pini hukata karatasi, na hasa pini ikiwa imepata kutu. Kwa hiyo hata hesabu ikiwa sawa, hapana budi kusoma hadithi yenyewe kupita pale katikati. Vitabu vinene vilivyobandikwa kwa gundi havifuati hesabu hii hata kidogo. Huko karatasi hudondoka moja moja, na kinga ya pekee ni kufuata nambari za kurasa mpaka mwisho.

Adui mwingine wa vitabu vya sehemu hizi ni unyevu. Mvua za Kimilili huanza karibu na mwezi wa Machi na kuendelea kwa miezi mingi, na vitabu vilivyolala sakafuni huota kuvu. Madoa ya kahawia yaliyokauka ni aibu tu, hayana madhara kwa vitabu vingine. Lakini unga mweupe au wa kijani ukitoka kwa kidole, na kitabu kikiwa na harufu ya udongo, kuvu hiyo ingali hai, na itahamia katika vitabu vya mnunuzi. Kitabu hicho huanikwa kivulini mahali penye upepo, kimefunguliwa, mpaka kikauke; kisha hupanguswa nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu. Jua kali huharakisha kazi, lakini hupinda jalada na kuvunja gundi. Kikiwa bado chanuka baada ya hapo, huandikwa “kiliota kuvu”, au hakiandikwi.

Mwisho ni alama. Kuandika “kimeandikwa ndani” hakutoshi, kwa sababu alama hazilingani. Jina la mtoto ndani ya jalada halimzuii mtu kusoma. Mistari ya kalamu ya risasi hufutika kwa raba. Ya wino haifutiki, na anayejaribu huitoboa karatasi. Majibu yaliyoandikwa chini ya maswali ya mwisho wa kitabu humharibia mwalimu anayetaka kuyatumia maswali hayo, lakini mzazi anayetaka hadithi tu hana hasara. Rangi zilizopakwa juu ya picha ni jambo dogo. Zikipita juu ya maneno hata yasisomeke, hilo ni kosa la kutajwa kwa nambari ya ukurasa. Basi huandikwa mambo matatu: alama ni ya nini, iko ukurasa gani, na kama maneno yasomeka.

Iko pia alama ambayo wengine huitafuta. Katika kitabu kimoja cha Kiingereza mtoto wa nyumba hiyo ameandika maana ya Lubukusu juu ya maneno magumu, kwa herufi ndogo za kalamu ya risasi, kurasa kumi na moja zote. Mama alitaka kuyafuta. Afadhali ayaache na kuyataja, maana mtoto mwingine wa Lubukusu atakayekipata kitabu hicho atakuwa na mwalimu ndani yake. Na asiyeyapenda ana raba yake.

Mistari minne ya orodha hiyo, ikiisha andikwa, yaweza kuwa hivi:

Nambari 1. Hadithi ya kobe. Kiswahili. Kusoma mwenyewe, miaka 6–7. Kurasa 24, zote zimo. Kimetumika, pembe zimekunjika. Jina ndani ya jalada kwa wino, hapana alama nyingine.

Nambari 5. Hekaya za Abunuwasi. Kiswahili. Kusomewa, 7, kusoma mwenyewe, 11. Kimetumika, madoa makavu ya maji nyuma. Hakikuandikwa.

Nambari 9. Ladybird, ngazi 4a. Kiingereza. Kusoma mwenyewe, miaka 8–9. Kizima. Maana za Lubukusu kwa kalamu ya risasi katika kurasa 11. Maneno yote yasomeka.

Nambari 14. Hadithi ya sungura. Lubukusu. Kusoma mwenyewe, miaka 6–7. Hakikukamilika: ukurasa wa 17 na wa 18 haupo. Pini zina kutu. Hakiuzwi, hutolewa bure.

Mtu aweza kushangaa kwa nini hicho cha mwisho kimeandikwa. Vitabu vya Lubukusu ni vichache, na huenda mnunuzi fulani anacho kingine kama hicho kilichokatika mahali pengine, au bibi wa nyumbani anaijua hadithi na atajaza pengo kwa mdomo. Ikiwa ni hadithi ya African Storybook, karatasi iliyopungua yaweza kuchapwa upya, kwa maana watoaji wake wameruhusu watu kuzinakili hadithi zao bila malipo. Kwa vitabu vya kampuni nyingine ruhusa hiyo haipo.

Orodha huandikwa tarehe juu yake, na nambari ya kila kitabu huandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya jalada lake, ili aulizaye nambari 9 aletewe nambari 9. Kitabu kikienda, mstari wake hukatwa siku ile ile, hata katika karatasi iliyobandikwa dukani. Mtu wa Kapsokwony hajui kwamba kimekwisha mpaka aone mstari umekatwa.